Siku moja maishani mwangu: kugawa upya foleni ya uhakiki wa msimbo

Saa mbili na nusu asubuhi. Kila Jumatatu, kabla wenzangu sita hawajaanza kuandika msimbo mpya, naangalia nani anasubiriwa na nani. Naratibu timu yetu, na nikiacha hili hadi mchana, mtu mmoja huwa ameshaelemewa. Natumia amri hii kwenye terminali:

```
gh pr list --limit 300 --search "draft:false" \
  --json reviewRequests \
  --jq '.[].reviewRequests[] | .login // .name' \
  | sort | uniq -c | sort -rn
```

Hapo kwenye `--limit` usipapite. Usipoiandika, `gh` inakuletea maombi 30 tu ya kuunganisha msimbo na kunyamaza. Timu yenye maombi 50 yaliyo wazi itapata jedwali linaloonekana zima kumbe linakosa yale ya zamani, na ya zamani ndiyo yenye shida. `draft:false` inaondoa rasimu, kwa kuwa rasimu haimdai mtu kitu.

Leo jedwali limetoka hivi: dada anayeongoza malipo ana 11, kaka mmoja wa skrini 5, fundi wa hifadhidata 4, dada mwingine wa skrini 3, kaka wa seva 1. Jumla 24. Kijana mgeni wa timu ya skrini hayumo kabisa, maana amri hii haimtaji mwenye sifuri.

Saa tatu. Ukiona 11 na 1, mkono unawasha kuhamisha matano kutoka huku kwenda kule. Najizuia. Namba hii inaonyesha kilichobaki kwenye foleni, haionyeshi kazi iliyofanyika. Mhakiki akishawasilisha maoni yake, GitHub inamwondoa kwenye orodha ya wanaosubiriwa, kwa hiyo anayefanya kazi haraka daima ataonekana hana kitu. Kwa sababu hiyo namwangalia kila mmoja kwa amri ya pili:

```
gh pr list --state all --limit 300 \
  --search "reviewed-by:JINA -author:JINA updated:>=TAREHE"
```

`JINA` ni akaunti yake, `TAREHE` ni Jumatatu iliyopita. Lile `-author` lazima liwepo, la sivyo maoni aliyoyaacha kwenye kazi yake mwenyewe yatahesabiwa kama uhakiki. Majibu yamenipa picha nyingine kabisa. Kaka wa seva, mwenye 1 kwenye foleni, amehakiki maombi 13 kati ya yaliyosasishwa tangu Jumatatu iliyopita. Kijana mgeni amehakiki 2. Wote wawili wanaonekana wana nafasi, ila mmoja amechoka na mwingine hajaombwa. Ningegawa kwa kusawazisha foleni tu, ningemwadhibu yule anayemaliza kazi za wenzake mapema, na baada ya wiki chache naye angejifunza kuchelewa.

Saa nne na robo. Sasa nafungua yale 11 moja moja. Hakuna njia ya mkato hapa.

Mawili majaribio yake yamefeli tangu Ijumaa. Hayo hayamsubiri dada wa malipo, yanamsubiri mwandishi wake. Nimewaandikia waandishi wayarudishe kuwa rasimu hadi yapite, nao wamefanya hivyo papo hapo.

Manne yamenishangaza. Yanabadilisha maneno ya skrini tu: vichwa vya vitufe, ujumbe wa makosa, mistari 12 hadi 40 kila moja. Yamefikaje kwa mtu wa malipo? Jibu lilikuwa ndani ya faili la `CODEOWNERS`, ambalo linamwomba mmiliki wa folda ahakiki kila ombi linapogusa folda yake. Maneno hayo yanakaa ndani ya folda ya malipo, na folda nzima ina jina lake. Faili hili linafuata mstari wa mwisho unaolingana, kwa hiyo dawa ni kuongeza mstari mmoja chini ya ule wa zamani:

```
/malipo/            @kiongozi-malipo
/malipo/tafsiri/    @kampuni/skrini
```

Ukiupanga juu yake hautafanya lolote. Timu unayoiandika nayo lazima iwe na ruhusa ya kuandika kwenye hazina hiyo, vinginevyo haitahesabiwa kuwa mmiliki.

Mpangilio wa hatua una maana kubwa. Tawi letu kuu linadai idhini ya mmiliki kabla ya kuunganisha. Ningehamisha yale manne kwanza, wahakiki wapya wangeidhinisha, na maombi yangebaki yamefungwa yakimsubiri dada yule yule. Kwa hiyo mabadiliko ya `CODEOWNERS` yameingia kwanza kwenye tawi kuu, kisha ndipo nikahamisha.

Saa tano na nusu. Kabla ya kuhamisha chochote nampigia dada wa malipo mwenyewe. Maoni ambayo mhakiki ameyaandika bila kuyawasilisha hayaonekani kwa mtu mwingine, na kumnyang'anya mtu ombi alilolisoma hadi katikati ni kuitupa kazi yake.

"Dada, kuna ambalo umeshalianza?"

"Lile la kurejesha pesa, nimefika nusu. Hayo ya maneno yachukue yote, sijayafungua. Nilikuwa nayaona yamejipanga tu, nikawa nakwepa hata kuangalia foleni."

Hayo maneno yake ya mwisho nimeyabeba siku nzima. Ombi la mistari 12 ambalo si la kwake lilikuwa linachelewesha hata yale ambayo ni yeye tu anayeyaweza.

Saa nane mchana. Nahamisha. Matatu ya maneno kwa kijana mgeni, moja kwa dada wa skrini mwenye 3:

```
gh pr edit 412 --remove-reviewer kiongozi-malipo \
  --add-reviewer mgeni-skrini
```

Kwa kila ombi naacha sentensi moja ya kueleza kwa nini limehama, ili mwandishi asidhani amekataliwa. Yale 5 ya malipo halisi hayahami. Lakini kwenye mawili nimemwongeza kijana kama msomaji wa kwanza: atashika makosa ya wazi na kuuliza maswali, kisha idhini itabaki kwa mmiliki. Kwa dada, kusoma msimbo ambao umeshachujwa kunapunguza muda. Kijana naye anaanza kuijua sehemu ambayo leo inajulikana na mtu mmoja tu. Aliniuliza, "Nikiona kitu nisichokielewa niandike au ninyamaze?" Nikamwambia andika, mdogo wangu, hicho ndicho tunachokitaka.

Saa tisa na nusu. Narudia hesabu: 5, 5, 5, 4, 4, 1. Kaka wa seva sijamwongezea hata moja, na nimemwambia sababu.

Bado kuna maombi ambayo hesabu hii haiyaoni kabisa. Mwandishi akiombwa marekebisho, akarekebisha, asibonyeze kitufe cha kuomba uhakiki tena, ombi lake halimo kwenye foleni ya mtu yeyote. Natafuta kwa `review:changes_requested` na kulinganisha tarehe ya maoni na ya msimbo wa mwisho. Leo nimepata mawili, moja limekaa siku tisa. Nimewarudishia wahakiki wake wa mwanzo, kwa kuwa wanayajua tayari.

Saa kumi na moja jioni. Kazi ya mwisho ni kwenye mipangilio ya timu ya skrini, ambapo nimewasha mgawanyo wa `Load balance`. Huo unaangalia maombi yanayosubiri kwa kila mtu pamoja na aliyopewa karibuni, ukijaribu kusawazisha ndani ya siku 30, na unamruka aliyejiwekea hali ya `Busy`. Hauna nguvu pale ambapo jina la mtu binafsi limeandikwa kwenye `CODEOWNERS`. Unafanya kazi timu inapoombwa. Faili letu bado lina majina sita ya watu binafsi, na kesho naanza na lile la folda ya ripoti.