Nilivyompimia Mama maji nikidhani ni protini

Mama alianguka bafuni mwaka jana, akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini aliporudi nyumbani kwangu Pasua, hapa Moshi, mapaja yalikuwa yamekwisha, amebaki mifupa na ukali wake. Dada wa lishe pale hospitali aliangalia majibu ya figo, akasema ziko sawa, kisha akaniambia: kila mlo hakikisha mama anapata gramu 30 za protini. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Nilipofika kituo cha daladala ndipo nikajiuliza, gramu 30 za protini zinafananaje kwenye sahani?

Ushauri wa kwanza niliupata kwa kijana wa jirani anayenyanyua vyuma. Ana kifua kama mlango wa kanisa, nikaona huyu ndiye anayejua. Akaniambia, "Mzee, rahisi tu, mpimie gramu 30 za nyama kila mlo." Nikaenda mjini nikanunua mizani ndogo ya jikoni, elfu kumi na tano au ishirini hivi, nikapima gramu 30 za nyama. Jamani! Ni kipande ambacho paka angekiona ni dharau. Mama alikiangalia, akaniuliza kama tumefilisika.

Nyama siyo protini tupu. Ndani yake kuna maji mengi, mafuta na mengineyo. Nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta ina protini kama gramu 21 katika kila gramu 100, kwa hiyo kile kipande cha jirani kilikuwa na gramu 6 tu. Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza vifua, nikatafuta namba. Kuna majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na watu wa Harvard, na humo kila chakula kimeandikwa kwa gramu 100. Pakiti za maziwa nazo huandika hivyo hivyo.

Shida ni kwamba namba hizo zinajibu swali ambalo sikuuliza. Zinasema gramu 100 za chakula zina protini kiasi gani, na mimi nataka kujua protini 30 ziko katika gramu ngapi za chakula. Inabidi urudi kinyumenyume. Maharage makavu, tuseme, yana 22 kwa 100. Basi gramu moja ya maharage ina 0.22, na ukigawanya 30 kwa 0.22 unapata 136. Baadaye niligundua njia ya mkato: chukua 3000, gawanya kwa namba iliyoandikwa. 3000 kwa 22 ni 136. 3000 kwa 21 ni 143 za nyama mbichi. Maziwa yana kama 3.3, kwa hiyo ni gramu 909, yaani unakaribia lita nzima kwa mlo mmoja. Nilimweleza Mama hilo la maziwa, akasema yeye si ndama.

Nikajiona profesa. Wiki mbili nzima, jioni, nilichota maharage kwenye sufuria, nikaweka bakuli juu ya mizani, nikaisawazisha isome sifuri, nikapima gramu 136 kamili. Ikizidi gramu mbili, natoa punje. Nilimpigia hata dada yangu Arusha kumtambia kwamba Mama sasa analishwa kisayansi.

Sasa, Mama wangu aliuza maharage soko la Mbuyuni zaidi ya miaka ishirini. Jioni moja akaniangalia naondoa punje moja kwa kijiko, akauliza taratibu:

"Mwanangu, hiyo hesabu yako ni ya maharage ya kwenye gunia au ya kwenye sufuria?"

"Ya maharage, Mama. Maharage ni maharage."

Alicheka mpaka akashika nyonga. "Kilo moja ya Mbuyuni ikiiva inalisha watu wangapi? Imeongezeka kutoka wapi? Hayo yameshakunywa maji. We mtoto, unampimia mama yako maji!"

Nilirudi kwenye jedwali. Kweli, ile 22 ilikuwa ya maharage makavu. Yaliyochemshwa yana mstari wake, na namba yake ni kama 8 au 9. Kwa wiki mbili nilikuwa nampa gramu 11 hivi za protini nikidhani ni 30. Hata maharage yenyewe sikupoteza punje, nilikosea tu mstari wa kusoma. (Na kama uko huku kwetu, angalia pia jina. Yale ya njano ambayo sokoni tunayaita soya ni maharage ya kawaida. Ukienda kusoma mstari wa soya yenyewe utakuta namba kubwa zaidi, kama 36, na utampunja mgonjwa wako tena.)

Ungedhani basi ningechukua tu ile namba ya yaliyochemshwa nikamaliza kazi. Nilijaribu, lakini hainiridhishi, kwa sababu maharage yaliyochemshwa ya nani? Mke wangu anayapika yana mchuzi mzito. Mama anayataka mepesi, yenye rojo ya kuchovya ugali. Maji yakiongezeka namba inashuka, na jedwali halijui sufuria yetu.

Hapa ndipo nilipopata ujanja ambao mpaka leo najivunia. Protini haiongezeki kwa kuchemka, na maji hayana protini. Kwa hiyo kilichoingia kikiwa kikavu ndicho kilichomo, hata sufuria ijae namna gani. Nikapima maharage makavu nusu kilo kabla ya kuyaloweka. Gramu 500 kwa 22 ni protini 110. Hiyo nikaiandika ukutani kwa mkaa, mke wangu akanuna. Sufuria tupu, bila mfuniko, ilikuwa gramu 830. Maharage yalipoiva na kuungwa nikaipima sufuria na vyote vilivyomo: 2150. Toa 830, ndani mna 1320. Sasa 110 zimetawanyika katika 1320, yaani 8.3 kwa kila 100. Ukirudi kinyumenyume, Mama anahitaji gramu 360 za maharage yale.

Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa anachungulia. Akasema, "Baba, kwani unakwenda kwenye mia halafu unarudi kwa nini? Sufuria ina 110, Bibi anataka 30. Si ni tatu ya kumi na moja ya sufuria?" Nikanyamaza. 1320 gawanya kwa 11 ni 120, mara tatu ni 360. Ada ninayolipa haijapotea.

Na ndiyo maana sikukariri ile 360. Wiki iliyofuata mchuzi ulikuwa mwingi, sufuria ikatoka na 1450 ndani yake. Tatu ya kumi na moja ikawa 395. Maharage makavu yalikuwa nusu kilo ile ile, protini ile ile, ila Mama alihitaji kubeba maji zaidi ili aifikie. Muhimu ukoroge mpaka chini kabla ya kuchota, maana ukichota juujuu unapata rojo na mizani haijui tofauti.

Mizani yenyewe niliiharibu kidogo kwa kuiwekea sufuria inayotokota. Miguu ya plastiki ikalegea, na kwa siku mbili ikawa inasoma gramu za ajabu. Niligundua kwa kuweka pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa. Ilipaswa kusoma kilo na kidogo ya karatasi, ikasema 940. Sasa naweka kwanza ubao wa kukatia nyanya, naisawazisha isome sifuri, ndipo sufuria inafuata. Uzito wa kila sufuria nimeukwaruza kwa msumari chini ya mkono wake.

Nyama inakwenda kinyume cha maharage. Nusu kilo mbichi yenye protini 105 ilipoiva na kuchujwa mchuzi ikabaki gramu 350, kwa sababu yenyewe inatoa maji badala ya kunywa. Kwa hiyo gramu 100 tu za nyama iliyoiva zinatosha, ukiacha kiasi kidogo kilichoingia kwenye supu. Ukitumia namba ya mbichi kwa nyama iliyoiva unamzidishia mtu. Ukitumia namba ya iliyoiva kwa mbichi unampunja. Kila nikisoma namba sasa swali la kwanza ni la Mama: ya gunia au ya sufuria?

Lakini usidhani Mama alikula hizo gramu 360. Ni bakuli lililojaa, na mtu wa miaka 74 aliyekaa kutwa nzima tumbo lake ni dogo. Alifika nusu akasukuma sahani. Ndipo nikaanza kuzigawa zile 30. Mayai mawili ya kuchemsha yananipa kama 12, maana yai bila ganda ni gramu 50 hivi na lina protini 6. Zinabaki 18, na kwenye sufuria ile ya 8.3 hizo ni gramu 217 za maharage. Hapo anamaliza na kulamba mkono. Siku ambayo hataki mayai natumia dagaa wakavu, ambao ndio mfalme wa hesabu hii: namba niliyoitumia ni 60, kwa hiyo gramu 20 tu zinaleta zile 12. Dagaa nawapima wakavu kabla ya kuwaosha, nawakaanga na nyanya na kitunguu, na kwa kuwa anawamaliza wote peke yake sihangaiki kuwapima tena. Hesabu ya sufuria ni ya chakula cha kugawana.

Na kugawana ndiko kunakoleta vita. Jumapili iliyopita shemeji yangu alikuja kutoka Arusha, akaingia jikoni, akafunua sufuria akachota upawa mzima "kuonja chumvi". Mimi sikuwa nimepima bado. Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni na fimbo yake, akapiga kelele mpaka jirani wa vyuma akatoka nje: "Rudisha! Hayajapimwa! Hiyo ni protini yangu!" Shemeji akabaki ameduwaa, mashavu yamejaa. Ikabidi nimwekee bakuli mbele yake, nimwambie achote tena kiasi kile kile alichomeza, ili nijue cha kujumlisha.