Jioni ya Mafuta ya Cherehani

Juzi nilipokuwa nikitia mafuta cherehani yangu, harufu yake ilinirudisha uani kwetu Ngamiani, Tanga, jioni ile mume wangu alipokuwa amepindua baiskeli magurudumu juu, akiidondoshea cheni mafuta hayo hayo aliyoyachukua mezani kwangu bila kuniuliza.

Kabla ya jioni hiyo nilikwisha kujaribu mara mbili kumwomba twende kwa mshauri wa ndoa, na kuharibu mara mbili. Mara ya kwanza nilisema usiku wa manane, katikati ya ugomvi wa fedha alizomkopesha ndugu yake, na maneno yaliyonitoka yalikuwa, "Wewe unahitaji mtu wa kukushauri." Hayo hayahitaji maelezo. Mara ya pili nilijitahidi kuwa mpole, nikamwambia twende tukapate ushauri nasaha. Aliweka kikombe chini, akanitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Umepima?" Nilikuwa nimesahau kwamba kwa miaka mingi maneno hayo tumeyasikia vituo vya afya yakitangulia kipimo cha virusi vya ukimwi. Ilinichukua wiki nzima kumtoa hofu, na katika wiki hiyo hakuna aliyekumbuka tulikuwa tunagombana juu ya nini.

Jioni ya baiskeli hatukuwa na ugomvi wowote. Aliniomba nimshikie gurudumu la nyuma, nikachuchumaa upande wa pili, sote wawili macho yetu yakiwa kwenye cheni. Nadhani hilo lilisaidia kuliko ufasaha wangu wowote, kwa kuwa mtu anayetazamwa usoni hujiona yuko kizimbani.

"Baba watoto," nikasema, "mimi nikipaza sauti, wewe hunyamaza, na wewe ukinyamaza, mimi huzidi kupaza, nikakufuata chumba hadi chumba. Sijui ni nani huanza. Ninachojua ni kwamba nimejaribu kuacha peke yangu, nimeshindwa."

Hakujibu. Aliendelea kuzungusha pedeli, nami, jambo ambalo si kawaida yangu, nikanyamaza pia hadi gurudumu liliposimama. (Ulinijia mfano wa cheni na ndoa, namshukuru Mungu niliumeza.)

"Ningependa tumpate mtu wa kutusikiliza," nikaendelea. "Sitaki kwenda peke yangu nikakusema kwa mgeni nawe hupo. Mtu huyo umchague wewe, asiwe ndugu wa upande wako wala wangu. Twende mara tatu tu. Tukiona hapafai, tuache."

Hapo akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Huko wanaandika?"

Nikaelewa alichokuwa akikiona akilini. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, anayetaka talaka mahakamani hutakiwa kwa kawaida apitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Mtaani kwetu, kwa hiyo, wanandoa wakionekana wanakwenda kwa mtu wa tatu, watu huhesabu kuwa hati iko njiani. Hata kikao cha wazee wa pande mbili, ambacho ni cha heri, huitishwa mambo yakiwa yamekwisha chacha, na aghalabu mmoja hutoka amehukumiwa. Nikamweleza kwamba mshauri hatoi hati wala hukumu, na kwamba kama ataandika, ataandika kwa kumbukumbu zake mwenyewe, nasi tunaweza kumuuliza siku ya kwanza nani mwingine atayasoma.

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Na nikisema huko kwamba wewe ndiye unayeanza?"

"Utasema."

"Hutakasirika?"

"Nitakasirika," nikajibu, "lakini kutakuwa na mtu."

Akacheka kidogo. Baada ya siku kumi hivi akaniletea jina la mama mmoja mstaafu wa ustawi wa jamii, tukaenda mara tatu, kisha ya nne ambayo yeye ndiye aliyeiomba. Bado tunagombana, ingawa siku hizi hunipa muda: "Nipe nusu saa," halafu hurudi kweli.

Kuna jambo moja sijamwambia mpaka leo. Jioni ile niliyasema yote yale kwa uangalifu mkubwa, bila neno hata moja la kumtwika lawama, na huku moyoni nikiamini kabisa kwamba mwenye tatizo ni yeye. Yule mama aliligundua hilo katika kikao cha kwanza, kabla chai haijapoa. Sijui kama mume wangu hakuligundua uani, akaamua tu kuendelea kuzungusha pedeli.