Kuandika Kihindi kwa sauti: sasa niko kwenye nukta za puani

Daftari za Babuji, mzee mwenye nyumba niliyopanga hapa Lucknow, sasa zote zimeingia kwenye kompyuta. Ni kumbukumbu zake za miaka ya kazi ya reli. Yeye anasoma, kibodi ya simu inaandika, mimi nasahihisha. Maneno marefu simu inayapata vizuri, hata majina ya stesheni alikofanya kazi. Kinachokula muda ni alama ndogo juu ya herufi.

Kihindi kina irabu zinazopitia puani, jambo ambalo Kiswahili hakina. है ni umoja, हैं ni wingi, na tofauti yake ni pumzi tu ya puani mwishoni. Mtu akisoma haraka pumzi hiyo inafifia, na simu inabaki kukisia kwa maneno ya jirani. Kuna alama mbili za kuandika sauti hiyo: nukta peke yake (ं) na mwezi wenye nukta, chandrabindu (ँ). Irabu ikiwa na kialama kinachopanda juu ya mstari unaounganisha herufi, huwekwa nukta tu, kwa kuwa mwezi haupati nafasi. Ndiyo maana हूँ na माँ zina mwezi, lakini हैं, में na नहीं zina nukta.

Nimeanza na makosa yasiyohitaji kufikiri. मे, मै, नही na हू zikisimama peke yake bila alama si maneno sahihi ya Kihindi, kwa hiyo kompyuta inaweza kuzirekebisha bila kuniuliza. Napitisha hatua hii kabla ya kuweka vituo, ili neno lisije likagandana na kituo likakosa kutambuliwa. Hapa `m` ni maandishi yaliyotoka kwenye simu.

```python
import re
salama = {"मे": "में", "मै": "मैं",
          "नही": "नहीं", "हू": "हूँ"}
m = " ".join(salama.get(n, n) for n in m.split(" "))
m = re.sub(r"ते है(?!\S)", "ते हैं", m)
```

Nakata maneno kwa nafasi, situmii `\b`, alama ya mpaka wa neno, na kuna sababu. Moduli ya `re` ya Python haihesabu vialama vya irabu vya Kidevanagari kuwa sehemu ya neno. Kwake में ni herufi म tu, halafu neno limekwisha. Ukitafuta kwa `\b` utabadilisha katikati ya maneno mazima, na uharibifu huo hauonekani upesi.

Mstari wa mwisho wa kodi ndio ulioniokolea kazi kubwa. Chukua sentensi hii kama ilivyotoka kwenye simu: पिताजी अब घर पर रहते है. Baba ni mmoja, lakini kwa heshima Kihindi kinamtaja kwa wingi, na kitenzi kimeshaonyesha hivyo: रहते inaishia na -ते. Angekuwa mtu wa kawaida ingekuwa रहता है. Kwa hiyo -ते ikifuatwa na है, karibu kila mara ni हैं iliyopoteza nukta. Ninayoiangalia kwa jicho ni वास्ते, "kwa ajili ya", kwa sababu इसी वास्ते है ni sahihi kabisa.

Ugumu uko kwenye -ती. Hapo umoja na wingi wa kike vinafanana: जाती है ni yeye anakwenda, जाती हैं ni wao wanakwenda, au yeye anayeheshimiwa. Kitenzi hakisaidii, lazima nirudi nyuma nimtafute mtendaji. Wakati uliopita una kanuni yake: nukta inakaa kwenye neno la mwisho tu. Wasichana walikwenda ni लड़कियाँ गईं, lakini walikuwa wamekwenda ni लड़कियाँ गई थीं. Simu ikiandika गईं थीं, naondoa nukta ya kwanza.

Maneno yanayofanana kwa sauti yamekuwa mepesi kuliko nilivyotarajia. कि, "kwamba", hufuata vitenzi kama कहा au सोचा. की ya umilikaji hukaa kati ya nomino mbili, ya pili ikiwa ya kike. Nikikuta कहा की, naijua hapo hapo. कहा na कहाँ, "alisema" na "wapi", nazisoma moja moja, kwa sababu Babuji anapenda kuuliza swali katikati ya hadithi na simu haiweki alama ya kuuliza.

Zimebaki sentensi za mama yake. Mtoto anaweza kumtaja mama kwa माँ आई थी, ya ukaribu, au माँ आई थीं, ya heshima, na zote mbili ni Kihindi safi. Sarufi haiamui hapo, anaamua mwandishi. Nimezipaka rangi zote, na Jumapili nitakaa naye azisome polepole huku daftari la asili liko mezani, tuone mkono wake mwenyewe uliweka nukta wapi.