Ninavyousoma mbano wa bendi za Bollinger kabla na baada ya bei kuchomoka

Kwenye chati, mbano, yaani bendi zinapokaribiana kuliko kawaida, unaonekana kirahisi mno, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Ukiivuta chati ikajaa skrini, bendi yoyote itaonekana pana. Ukiibana, yoyote itaonekana nyembamba. Kwa hiyo upana siupimi kwa macho, naupimia kwenye hesabu.

Bendi zenyewe, kama John Bollinger alivyozipanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni mistari mitatu. Wa katikati ni wastani wa bei za kufunga za mishumaa 20 ya mwisho, na kwenye chati ya siku mshumaa mmoja ni siku moja. Wa juu na wa chini umekaa umbali wa mikengeuko wastani miwili kutoka hapo. Mkengeuko wastani ni kipimo cha jinsi bei zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake: bei zikitulia unapungua, bei zikirukaruka unakua. Mimi nachukua tofauti ya bendi ya juu na ya chini, naigawa kwa mstari wa katikati, na huo ndio upana. Nasema kuna mbano pale tu upana wa leo ukiwa mdogo kuliko wote wa miezi sita iliyopita, yaani takriban siku 125 za soko kwenye chati ya siku. Kipimo hicho cha miezi sita ni cha Bollinger mwenyewe, na sijaona sababu ya kukibadilisha.

Kwenye lahajedwali, bei za kufunga zikianzia B2, naandika hivi kwenye C21, D21, E21, F21 na G145, kisha naburuta kwenda chini:

```
=AVERAGE(B2:B21)
=C21+2*STDEV.P(B2:B21)
=C21-2*STDEV.P(B2:B21)
=(D21-E21)/C21
=F145=MIN(F21:F145)
```

Angalia hiyo `STDEV.P`. Ukiweka `STDEV.S`, bendi zako zitakuwa pana kwa karibu 2.6% kuliko hesabu ya Bollinger, na utabaki unashangaa kwa nini hazilingani na za kwenye chati.

Sasa tuchukue mfano wa namba nilizozirahisisha makusudi. Katika siku 20, siku 10 bei imefunga 99.5 na siku 10 imefunga 100.5. Wastani ni 100, mkengeuko ni 0.5, bendi ziko 99 na 101, na upana ni 2%. Tuseme huo ndio mdogo kuliko wote wa miezi sita. Kinachofahamika hapa ni kimoja tu: soko limetulia kuliko kawaida yake, na utulivu wa namna hiyo mara nyingi hufuatiwa na mwendo mkubwa. Itapanda au itashuka? Mbano hausemi. Anayekwambia mbano ni dalili ya kununua anaongeza maneno yake.

Siku inayofuata bei inapanda, inavuka 101, na inafunga 101.1. Je, imechomoka? Bendi ya jana ilikuwa 101, lakini bei hiyo mpya nayo imeingia kwenye hesabu ya leo, na 99.5 ya zamani imetoka. Bendi ya juu ya leo ni 101.16. Bei imefunga ndani. Wengi wanateleza hapa: bendi inasogea pamoja na mshumaa ambao bado haujafunga, kwa hiyo ulichokiona saa tano asubuhi kinaweza kisiwepo jioni. Mimi nasubiri mshumaa ufunge, basi.

Tufanye badala yake imefunga 101.6. Wastani unakuwa 100.105, bendi ya juu 101.30, ya chini 98.91, na upana 2.38%. Hapa bei imefunga nje kweli. Ila usiishie kwenye bendi iliyovukwa, tazama na ile ya upande wa pili. Bei imepanda, lakini bendi ya chini imeshuka kutoka 99 hadi 98.91. Mtu mgeni huona kama kosa, kumbe ni tabia ya kawaida: mtawanyiko umeongezeka kwa haraka kuliko wastani ulivyopanda. Mchomoko wenye nguvu hufungua bendi kama mdomo, moja juu, moja chini.

Hata hivyo, kufunga nje mara moja baada ya mbano si jambo la ajabu. Bendi zikiwa nyembamba hivyo, hatua ndogo tu inatosha kuzivuka. Kwa hiyo uzito nauweka kwenye mshumaa wa pili. Ukifunga 102.4 huku 100.5 moja ikitoka kwenye hesabu, bendi ya chini inashuka hadi 98.65 na upana unafika 3.1%. Mdomo unazidi kufunguka. Lakini ukirudi kufunga 100.0, upana unapungua hadi 2.35%, na bei iko chini ya mstari wa katikati, ambao ni 100.08. Huo ni mchomoko wa uongo, na ni wa kawaida mno kwenye mbano: bei inachungulia upande mmoja, kisha mwendo halisi unakwenda upande mwingine. Nikishauona, sigeuzi biashara papo hapo. Nasubiri mshumaa ufunge nje ya bendi ya chini.

Kuna mtego mwingine ambao chati haiuonyeshi. Chukua siku 10 za 99.5, siku 9 za 100.5, na siku moja iliyofunga 104 kisha bei ikarudi palepale. Upana ni kama 4%. Ile 104 ikifikisha mshumaa wa 21 inatoka kwenye hesabu, na 100.5 ikiingia mahali pake upana unadondoka hadi 2% kwa siku moja. Soko halijafanya lolote siku hiyo, ni namba ya zamani tu iliyoondoka. Kwa hiyo upana ukianguka ghafla, nahesabu mishumaa kurudi nyuma nione kilichotoka ni nini. Mbano ninaouamini hupungua kidogo kidogo kwa siku nyingi.

Kwenye chati za dakika 5 au 15 kuna mbano wa saa. Bei za sarafu hutulia kila siku baada ya soko la New York kufungwa, na bendi hubanana kwa sababu watu wachache wanafanya biashara. Mbano huo siuhesabu.

Kikomo cha hasara nakiweka chini kidogo ya mstari wa katikati. Ukinunua 101.6 na kikomo kikiwa 100.1, unahatarisha 1.5 kwa kila kipande. Ukiwa tayari kupoteza 10 kwa biashara nzima, unanunua vipande 6, kwa kuwa 10 gawa kwa 1.5 ni 6 na ushee. Soko likifungua na pengo chini ya kikomo, hasara itazidi hapo, na bendi hazina la kukusaidia.

Kuhusu kutoka kwenye biashara, narudi kwenye bendi ile ya upande wa pili. Bei ikiwa inapanda, bendi ya chini itaendelea kushuka kwa muda. Siku itakapoacha kushuka na kugeuka juu, mtawanyiko umeacha kukua kwa kasi ile ya mwanzo. Bei inaweza kuendelea kupanda, lakini msukumo wa mchomoko wenyewe umeshapoa, na hapo napunguza nusu, kilichobaki nakifuatisha na mstari wa katikati.