Upande uliongezeka asilimia 10, vigae vikaishia mlangoni

Kazi yangu ni kutandika vigae, na hesabu iliyonisumbua zaidi katika kazi hii niliipata kwenye sebule moja ya mraba pale Kihonda, Morogoro. Mama mwenye nyumba alikuwa bado hajanyanyua kuta nilipompigia hesabu ya kwanza. Sebule ilikuwa mita 4 kwa 4, na alichagua vigae vya sentimita 40 kwa 40. Ukihesabu kigae pamoja na njia yake ya grauti unapata sentimita 40 kamili, kwa hiyo mstari mmoja unakula vigae 10, na mistari iko 10. Jumla vigae 100. Nikaongeza asilimia 10 kwa ajili ya kuvunjika na kukata, vikawa 110. Boksi lina vigae 10, basi nikamwandikia boksi 11.

Wiki mbili baadaye akaniita. Alikuwa ameamua kuisogeza sebule kidogo, kila upande uwe mita 4.4. Akaniuliza inaongeza nini kwenye vigae. Nikamjibu papo hapo: "Mama, upande umeongezeka asilimia 10, kwa hiyo ongeza boksi moja." Nilikuwa na uhakika kabisa. Asilimia 10 ya boksi 11 ni boksi moja na kitu, na hicho kitu nilikidharau kwa kuwa nilijua tuna akiba. Akanunua boksi 12, yaani vigae 120. Hata bei yangu ya ufundi niliipandisha kwa asilimia 10 hiyo hiyo.

Siku ya kutandika nilianzia ukuta wa ndani nikawa narudi kuelekea mlangoni. Vigae viwili tulivikuta vimepasuka ndani ya boksi, viwili vingine vikavunjika nilipokuwa nakata sehemu ya nguzo. Vinne tu, kiasi cha kawaida kabisa. Lakini tulipofika mstari wa mwisho kijana wangu akainuka akasema, "Fundi, boksi limeisha." Palikuwa na nafasi ya vigae vitano, na iko mlangoni, mahali ambapo kila mgeni anapita.

Kwanza nilidhani duka limetupunja. Tukahesabu maboksi matupu, yako 12. Tukahesabu vipande vilivyovunjika, vinne. Ndipo nikahesabu sakafu yenyewe: mstari mmoja vigae 11, na mistari ni 11. Kumi na moja mara kumi na moja ni 121. Hata kama tusingevunja kigae hata kimoja, 120 visingetosha. Sakafu ilikuwa imeongezeka kwa vigae 21 kutoka vile 100 vya mwanzo, wakati mimi kichwani nilikuwa na 10.

Jioni ile sikuondoka. Nilichukua chaki nikachora kwenye sakafu sebule ya zamani, ile ya 10 kwa 10, nikianzia pembe ya ndani. Nje ya mchoro ule nikaona vitu vitatu. Upande wa dirisha palikuwa na mstari mmoja wa vigae 10, ambao ni upana ulioongezeka. Upande wa mlango palikuwa na mstari mwingine wa vigae 10, ambao ni urefu ulioongezeka. Na pale mistari hiyo miwili inapokutana, kwenye pembe, palibaki nafasi ya kigae kimoja ambacho si cha mstari huu wala cha ule. Kumi, na kumi, na kimoja. Mimi nilikuwa nimehesabu mstari mmoja tu.

Nilijiuliza kwa nini kosa hili halikuwahi kunitokea kabla, na jibu nilikuwa nalo. Kazi nyingi nilizokuwa nimeongezewa vipimo zilikuwa korido. Korido ya mita 10 ikirefushwa ikawa mita 11, upana wake haubadiliki, na vigae vinaongezeka asilimia 10 kamili. Hapo kanuni yangu ilikuwa sahihi. Kwenye mraba pande zote mbili zinakua kwa pamoja: unazidisha kwa 1.1 kwa ajili ya urefu, kisha matokeo yake unayazidisha tena kwa 1.1 kwa ajili ya upana, unapata 1.21. Asilimia 10 ya pili haipigwi juu ya ile sakafu ya zamani. Inapigwa juu ya sakafu ambayo tayari imeshakua, ndiyo maana jibu ni 21 na si 20, na ile moja iliyozidi ndiyo kile kigae cha pembe. Chumba kisicho mraba nacho kinafuata hivyo hivyo, mradi pande zote mbili zimeongezwa kwa asilimia ileile.

Hatari ya kosa hili ni kwamba akiba inalificha. Ningenunua kwa uangalifu zaidi, 110 na asilimia 10 yake, ningepata vigae 121. Vingelingana na sakafu barabara, na kama hakuna kilichovunjika ningeondoka nikiamini hesabu ilikuwa nzuri, kumbe akiba yote imeliwa na upana mpya. Hesabu iliyotakiwa ni 121, kisha asilimia 10 ya hapo, kama 12, jumla 133. Hiyo ni boksi 14, na mimi nilinunua 12.

Mama aliponiuliza, "Fundi, si ulisema boksi moja inatosha?" nilimwambia ukweli kwamba nimekosea mimi, na boksi lililopungua nililinunua kwa fedha yangu. Dukani aina ile ilikuwepo ila toleo jingine, rangi imezidi weusi kidogo. Ikabidi nibandue vigae vitano vya pembeni ambako kabati lingekaa, kabla gundi haijashika sawasawa, nivihamishie mlangoni, na vile vyeusi nikaviweka chini ya kabati. Ilinichukua siku nzima.

Kitu kimoja kilinishangaza: skatingi, ile inayozunguka chini ya ukuta, haikupungua. Nayo niliiongezea asilimia 10, ikatosha. Sababu ni kwamba skatingi inafuata mzunguko wa chumba. Mita 16 ziliongezeka zikawa 17.6, asilimia 10 kamili. Vigae, gundi, silingibodi na bei ya ufundi wangu vinafuata eneo, na eneo lilitoka mita za mraba 16 likafika 19.36. Chumba ni kilekile, ila vifaa vyake haviongezeki kwa kiwango kimoja.

Tangu hapo mteja akiniambia "ongeza chumba asilimia 10" namuuliza kwanza: unataka upande uongezeke, au unataka nafasi iongezeke? Kama ni nafasi, upande wa mita 4 unatosha kufika karibu mita 4.2 tu. Na akipunguza, sirudi na ile 21. Mwaka jana mteja mmoja alipunguza chumba cha mita 4 kwa 4 kikawa 3.6 kwa 3.6. Vigae vilikuwa 9 kwa 9, yaani 81, vimepungua 19. Ukiondoa mstari mmoja wa 10 na mwingine wa 10, kigae cha pembe kimo katika mistari yote miwili, na huwezi kukitoa mara mbili. Nilimchorea kwa chaki hapohapo kwenye zege, naye akakihesabu kile cha pembe kwa kidole chake kabla ya kwenda dukani.