Siku Tulipocheza Nyama kwa Mikono

Mchezo wa nyama unahitaji mwitaji mmoja anayesimama mbele ya wenzake. Anataja mnyama. Akiwa wa kuliwa, wote wanaruka na kujibu "nyama!" Akitaja fisi, wanatulia kimya. Anayeruka kwa fisi anatoka, na anayechelewa kuruka kwa ng'ombe anatoka vilevile. Mwitaji hodari hutaja harakaharaka, mbuzi, kondoo, kuku, halafu ghafla paka, watu wakajikuta wako hewani.

Nilikuwa darasa la tatu, katika shule ya kawaida mkoani Tanga. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeniharibu masikio kabla sijaanza shule, na nilivaa shimesikio, kifaa cha kukuza sauti, upande wa kulia. Darasani, mtu akiwa karibu nami, kilinifaa sana. Uwanjani mambo yalikuwa mengine. Kifaa kile kilikuza kila kitu kwa pamoja, upepo na vifijo vya wenzangu, na sauti ya mwitaji aliyesimama mbali ilimezwa humo. Basi nilimtazama aliyesimama kando yangu. Akiruka, nami naruka. Lakini mpaka nione miguu yake imeinuka, tayari nimechelewa. Kila mara nilikuwa mtu wa kwanza kutoka, na wenzangu waliamini kwamba sijui nyama ni ipi.

Mchana mmoja mwalimu wa michezo alitutazama kwa muda mrefu kutoka chini ya mwarobaini, kisha akaja kuniinamia, uso wake ukielekea wangu. "Mwanangu, mbona humtazami anayeita? Unamtazama mwenzako." Nikamwambia, "Simsikii, mwalimu." Sikuwa nimewahi kuulizwa. Watu wazima wengi waliona mtoto anayeruka na wenzake, wakaridhika kwamba anacheza. Yeye aliyaona macho yangu yakienda pembeni kabla ya miguu.

Akasimamisha mchezo. Kwanza alimgeuza mwitaji, maana alikuwa amelipa jua mgongo na uso wake ulikuwa kivuli kitupu. Sasa jua likamwangaza yeye, sisi likawa nyuma yetu. Kisha akatuagiza tutafute ishara ya kila mnyama. Ng'ombe akawa vidole viwili kichwani kama pembe. Kuku akawa viwiko vinavyopigapiga ubavuni. Paka akawa masharubu yanayovutwa mashavuni.

Mwitaji akaanza kutaja jina huku akionyesha ishara. Nikachelewa tena! Jina lilikuwa limeshatoka mdomoni kabla mikono haijamaliza kupanda, na wenzangu waliruka kwa kusikia. Mwalimu aliligundua hilo kabla sijasema neno. Akasema kuanzia sasa mwitaji hatoi sauti kabisa, kwa mtu yeyote. Akaongeza kanuni moja: mikono ya mwitaji ikae nyuma ya mgongo mpaka macho ya wote yamfikie, ndipo aonyeshe. Bila hiyo, aliyepepesa macho au kutazama kandambili zake angekosa ishara, naye hana sauti ya kumwokoa.

Uwanja ukanyamaza kama darasa la mtihani. Halafu kuku! Tukaruka wote kwa pamoja, mimi nikiwa miongoni mwao, nikapiga kelele "nyama!" kwa nguvu zangu zote. Waliozoea kushinda wakaanza kutoka, maana hawakuwa wamezoea kucheza kwa macho. Mimi nilikuwa na mazoezi ya miaka.

Ugomvi ulizuka kwa sungura. Mwitaji aliinua viganja viwili juu ya kichwa, nusu yetu wakaruka, nusu wakatulia wakisema huyo ni punda. Masikio marefu ni ya wote wawili, na mmoja tu ndiye tunayemla. Waliotolewa walikataa kutoka. Mwalimu hakutoa hukumu; alituachia. Tukabishana kwa mikono na kwa midomo, mpaka mimi nikapendekeza sungura atafune upesi kwa meno ya mbele, na punda ainame kama aliyebebeshwa mzigo. Wakakubali, waliotolewa wakarudishwa mstarini.

Kisha mwalimu akaniita mbele. Kabla ya siku ile sikuwahi kuwa mwitaji, kwa sababu mwitaji hupatikana kwa kubaki wa mwisho. Niliweka mikono nyuma, nikangoja macho yote yanifikie. Nikatoa mbuzi, kondoo, bata, mbuzi, haraka kadiri vidole vilivyoweza. Nikaweka masikio kichwani, nikakawia kidogo kabla ya kuinama. Saba waliruka kabla sijainama, na rafiki yangu niliyekuwa nikimtazama kila siku alikuwa mmoja wao. "Punda!" nikamwambia, nikamwonyesha njia ya kutoka.