Barua yangu kwa meneja wa benki ilianza na mwezi mbaya kuliko yote

Barua yangu ya kwanza ilirudi na swali moja la afisa mikopo, lililoandikwa kwa kalamu pembeni: "Hizi 2,000,000 za Januari zimeingia wapi?" Ninashona sare za shule mjini Morogoro, na nilikuwa nimeomba shilingi 9,000,000 za kununulia vitambaa mwezi Oktoba, ili msimu wa Desemba na Januari unikute na mzigo. Katika faili la Excel nililoambatisha, fedha za shule mbili binafsi zinazochukua sare kwa mali kauli niliziandika Januari, siku ya kukabidhi mzigo, ilhali hunilipa Aprili, zikishakusanya ada. Kwenye taarifa ya benki Januari hapakuwa na kitu kama hicho, na afisa alikuwa na haki ya kuuliza.

Nilipozihamishia Aprili, picha ilibadilika. Rejesho la mwezi, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio na kwa miezi 12, nililipata hivi:

```
=PMT(18%/12,12,-9000000)
```

Jibu ni takriban shilingi 825,000. Nikilipa rejesho hilo pamoja na kodi ya fremu na ujira wa mafundi wawili, mwisho wa Aprili ninabaki na shilingi 310,000 tu. Shule moja ikichelewesha 1,000,000 yake hadi Mei, salio linakuwa hasi 690,000.

Kishawishi cha kuificha safu hiyo kilikuwepo, ila mtu anayesoma majedwali ya wakopaji kila siku angeiona kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo, chini ya "Yah: Maombi ya mkopo wa shilingi 9,000,000", barua mpya ilisema hivi:

"Ndugu Meneja, naomba uanze na karatasi ya Mtiririko, safu ya Aprili, ambako salio langu ni dogo kuliko miezi yote. Kwa kuwa shule moja inaweza kuchelewa kulipa, nitaahirisha hadi Julai ununuzi wa mashine ya ovaloki ya shilingi 1,200,000, niliyopanga kuinunua Februari kwa fedha zangu, na hata shule hiyo ikichelewa, salio la Aprili litakuwa 510,000 baada ya kulipa rejesho. Salio la kuanzia linalingana na taarifa ya benki iliyoambatishwa."

Aya za kusifu biashara nilizifuta zote, barua ikatosha ukurasa mmoja. Fomula niliziacha hai ndani ya faili, na tarehe ya malipo ya kila shule nikaiweka kwenye seli yake, ili asiyeniamini aibadilishe mwenyewe.

Afisa mikopo aliibadilisha mbele yangu. Aliisogeza shule ya pili nayo hadi Mei, salio likawa hasi 490,000, akaniuliza fedha hizo ningezitoa wapi. Sikuwa na jibu. Tukakubaliana mkopo ulipwe kwa miezi 18.